Wadau wale wale, matokeo tofauti: kwa nini sheria ya tumbaku ya Kenya ilipita 2007

*Swali: Mwalimu, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kupitishwa kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007. Nimeorodhesha wadau 23 na kumpa kila mmoja alama ya nguvu na alama ya maslahi, moja hadi tano. Msimamizi wangu amenirudishia kazi akisema jedwali langu halielezi kwa nini sheria ilipita mwaka huo na si miaka ya nyuma. Nirekebishe wapi?*

Msimamizi wako ameona sawasawa, na kasoro yenyewe haiko kwenye alama. Lichukue jedwali lako ulirudishe mwaka 2004: karibu kila jina litabaki mahali pake. Wizara ya Afya ilikuwapo, Hazina ilikuwapo, kampuni za tumbaku za BAT na Mastermind zilikuwapo, wakulima, wabunge, mashirika ya kiraia na Shirika la Afya Duniani vilevile. Kama wadau ni wale wale na matokeo ni tofauti, basi jibu halimo kwenye orodha. Limo kwenye kilichobadilika kati ya tarehe moja na nyingine, na jedwali lako halina tarehe hata moja.

Kwa hiyo liweke kando kwa wiki moja na uanze na mfuatano wa matukio. Rasimu za sheria ya tumbaku zilianza kuzunguka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 25 Juni 2004 Kenya ilitia saini na kuridhia, siku hiyohiyo, mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Mei 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alitoa kanuni chini ya Sheria ya Afya ya Umma za kuzuia uvutaji katika maeneo ya umma na matangazo ya sigara. Kampuni zikaenda Mahakama Kuu na kanuni zikasimamishwa. Tarehe 27 Septemba 2007 Rais Mwai Kibaki alitia saini sheria kamili, nayo ikaanza kutumika 8 Julai 2008. Hapo una vituo vitatu vya kufanyia uchambuzi: kuridhia mkataba, kanuni za 2006, na sheria ya 2007. Wadau wachambuliwe upya katika kila kituo, na kila mara uulize swali moja: hapa uamuzi ulikuwa mikononi mwa nani?

Swali hilo ndilo linalounganisha vipande viwili ambavyo naona umeviandika kama sura mbili zisizojuana, uchambuzi wa wadau na upangaji wa ajenda. Mahali uamuzi unapofanyikia napaita mlango, na ajenda inapohama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, nguvu za wadau hupangwa upya, hata kama hakuna aliyeongezewa shilingi. Itazame kesi yako kituo kwa kituo.

Mwaka 2004 uamuzi wa kuridhia mkataba ulikuwa wa serikali kuu. Chini ya Katiba ya wakati ule, kuridhia mkataba wa kimataifa hakukuhitaji kura ya Bunge. Maana yake ni kwamba waliohitajika kukubaliana walikuwa wachache, nao waliweza kuketi kwenye chumba kimoja. Ndani ya mlango huo Wizara ya Afya ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu suala lililetwa kama la afya na la heshima ya nchi mbele ya mataifa. Kampuni za tumbaku hazikuwa na pa kushika sana.

Lakini mkataba uliporidhiwa, hatua iliyofuata ilikuwa mswada, na mswada unaingia mlango wa pili. Bungeni walioamua walikuwa zaidi ya watu 200, na miongoni mwao kulikuwa na wabunge wa Kuria, wa Malakisi na Teso, na wa sehemu nyingine zinazolima tumbaku. Huko mkulima hulima kwa mkataba: kampuni humpa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha hukata deni lake siku ya kununua majani. Mkulima wa namna hiyo hana nguvu mbele ya kampuni, lakini mbunge wake anamhesabu kama kura. Katika kipindi hichohicho magazeti yaliandika habari ya wabunge kugharimiwa mapumziko ya wikendi Pwani na kampuni za tumbaku. Mswada ukakwama. Na chini ya kanuni za Bunge la siku zile, mswada ambao haujamalizika kikao kinapofungwa ulikufa, ukalazimika kuchapishwa upya na kuanza mwanzo. Hiki usikipite haraka. Mahali ambapo mswada hufa wenyewe kwa kupitwa na muda, mpinzani hahitaji kushinda kura. Anahitaji kuchelewesha tu. Alama yako ya "nguvu 5" kwa kampuni haionyeshi hilo, kwa sababu haisemi ni nguvu ya kufanya nini.

Ndiyo maana napendekeza uifute safu ya alama na uweke kitenzi. Nani angeweza kuandika? Nani angeweza kuchelewesha? Nani angeweza kusimamisha? Nani angeweza kuaminiwa na umma akisema? Hazina haikuandika neno katika mswada wa afya, lakini ilikusanya ushuru wa sigara, na neno lake la hasara ya mapato lilisikika Barazani. Ndani ya serikali hiyohiyo kulikuwa na maslahi mengine: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii umekuwa miongoni mwa wenye hisa wa BAT Kenya, kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Ukiandika "Serikali: inaunga mkono" kwenye mstari mmoja, umefuta mgogoro ambao ndio habari yenyewe. Ivunje serikali: Afya, Kilimo, Hazina, Biashara, Mwanasheria Mkuu. Kila moja na mlango wake.

Vunja pia "kampuni za tumbaku". Hapa una bahati, kwa sababu ushahidi upo na ni wa kusisimua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 BAT Kenya ilisumbuliwa na Mastermind, kampuni changa ya Kikenya, iliyokuwa ikinunua majani kwa wakulima ambao BAT ilikuwa imeshawapa pembejeo kwa mkopo. Nyaraka za ndani za BAT, zilizofikia umma kutokana na kesi za Marekani, zinaonyesha kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyoandaa rasimu ya kanuni za serikali za kilimo na uuzaji wa tumbaku za mwaka 1994, kanuni zilizomfunga mkulima kwa mdhamini mmoja. Yaani sheria ilitumiwa na mdau mmoja wa sekta dhidi ya mwenzake. Miaka 20 baadaye, BAT ilipopinga mahakamani kanuni za tumbaku za 2014, Mastermind ilikuwa upande wake. Mahasimu wa soko la majani wakawa washirika wa mahakamani. Jedwali lenye mstari mmoja wa "sekta ya tumbaku" haliwezi kuona badiliko hilo, na hilo ni moja ya mambo makubwa utakayoweza kusema katika tasnifu yako: umoja wa sekta haukuwa wa asili, ulitegemea jambo lililokuwa mezani. Likiwa bei ya majani, walikuwa maadui. Likiwa onyo kwenye pakiti, walikuwa kitu kimoja.

Sasa kituo cha pili, ambacho mimi nakiona kuwa ndicho kitovu, ingawa watafiti wengi hukitaja kwa sentensi moja. Mei 2006 Waziri Ngilu alijaribu kukwepa mlango wa Bunge. Kanuni zilizo chini ya sheria iliyopo hutolewa na waziri na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi. Hakuna kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika mlango huo mbunge wa Malakisi hana la kuchelewesha. Lakini mlango huo una mlango mwingine nyuma yake, mahakama, na pale kampuni yenye mawakili wazuri ina nguvu ambayo haikuwa nayo 2004. Kanuni zikasimamishwa.

Wengi huandika tukio hili kama ushindi wa kampuni. Kwa siku zile ulikuwa ushindi kweli. Lakini tazama lilivyoiathiri ajenda. Hoja dhidi ya kanuni za namna hii huwa ni kwamba waziri anapita mipaka ya mamlaka aliyopewa na sheria mama. Hoja hiyo, hata inaposhinda, ina jibu ndani yake: basi Bunge lenyewe litunge sheria. Kabla ya 2006 mtu aliweza kusema sheria mpya haina haja, kanuni zatosha. Baada ya 2006 njia ya kati ilikuwa imezibwa, na waliobaki kwenye meza ya Wizara ya Afya walikuwa na njia moja. Huu ni usomaji wangu, nawe uupime kwa Hansadi: soma mjadala wa mswada wa 2007 na uone ni wabunge wangapi wanaitaja kesi ya 2006, na wanaitaja kama onyo au kama sababu ya kutunga sheria. Usipowakuta, niandikie, nitakubali kwamba nimeupa uzito mno.

Katika muda huohuo tatizo lenyewe lilikuwa likipewa jina jipya. Ukiliita "ajira za wakulima na mapato ya serikali", wenye usemi ni Kilimo na Hazina. Ukiliita "moshi wa mtu mwingine unaomfikia mhudumu wa hoteli na mtoto ndani ya matatu", usemi unahamia kwa daktari, mzazi na diwani wa mji. Miji ilianza kuchukua hatua yake: Nakuru na Nairobi zilitumia sheria ndogo kuzuia uvutaji hadharani kabla sheria ya taifa haijaanza kutumika. Kwa mchambuzi wa ajenda hili ni dhahabu. Linaonyesha kwamba marufuku yaliwezekana kutekelezwa, na kwamba si lazima kwanza umalize ugomvi wa mashamba ya Migori ndipo umzuie mtu kuvuta ndani ya basi Nairobi. Suala liligawanyika vipande viwili, uvutaji na kilimo, na kipande kimoja kilikuwa chepesi kubeba.

Mwanasayansi wa siasa wa Marekani, John Kingdon, alieleza kwamba jambo hupata nafasi kwenye ajenda pale mikondo mitatu inapokutana: tatizo limetambuliwa, suluhisho liko tayari, na siasa inaruhusu. Watu wa Pwani wataielewa haraka. Chombo kilichopandishwa mchangani hakishuki kwa nguvu za mabaharia peke yao, kinangoja bamvua. Na bamvua haikai. Wanafunzi wengi hunukuu mikondo mitatu kisha wanaishia hapo, bila kupima ni siku ngapi maji yalikuwa juu. Wewe pima. Rais alitia saini 27 Septemba 2007. Mwanzoni mwa Oktoba Ngilu alitangaza kumuunga mkono Raila Odinga katika kinyang'anyiro cha urais na akafutwa uwaziri. Tarehe 22 Oktoba Bunge likavunjwa. Uchaguzi ukafanyika 27 Desemba, na yaliyofuata nchi nzima inayakumbuka. Mswada huu ungechelewa wiki mbili, ungepoteza waziri wake. Ungechelewa nyingine mbili, ungepoteza Bunge lenyewe.

Hapa ndipo sura zako mbili zinapokutana. Mdau aliyekuwa na nguvu kubwa kuliko wote Agosti 2007 ni yule aliyeweza kupoteza muda, na kazi kubwa ya waungaji mkono ilikuwa kumnyima muda huo: mswada uwe umeandikwa tayari, lugha yake iwe imeshapitiwa, wabunge wawe wameshaelezwa, ili maji yakijaa kusiwe na la kujadili tena. Suluhisho lilikuwa tayari kwa sababu ya miaka ile yote ya kushindwa. Ukihoji watu wa mashirika ya kiraia, waulize walifanya nini miezi ambayo mswada haukuwa Bungeni. Majibu yatakuwa na manufaa kuliko hadithi za siku ya kura.

Kisha rudi kwenye maandishi ya sheria yenyewe, kwa maana vifungu ni ushahidi wa nani alisikilizwa. Mkataba wa kimataifa unasema onyo la afya lichukue nusu ya pakiti au zaidi, na kwa vyovyote lisipungue asilimia 30. Sheria ya Kenya iliweka asilimia 30 mbele na 50 nyuma, kwa Kiingereza na Kiswahili. Yaani upande unaoonekana dukani ulipewa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na upande unaotazama ukuta ukapewa nusu. Sijasoma nambari hizo kama bahati. Ninaziona kama alama ya mvutano, na ningetafuta rasimu za awali kuona ilianza ngapi. Soma pia kifungu kinachomtaka waziri wa kilimo aweke sera za kuwatafutia wakulima na wafanyakazi wa tumbaku njia nyingine za kujipatia riziki. Kimetoka kwenye mkataba, lakini kisiasa kilikuwa na kazi nyingine: kilimpa mbunge wa eneo la tumbaku la kumwambia mkulima akirudi nyumbani. Kifungu ambacho hakina fedha nyuma yake wala tarehe ya mwisho ni malipo ya bei nafuu kwa upinzani, na mkulima ndiye aliyelipwa kwa karatasi hiyo. Liandike hili waziwazi. Mkulima alitajwa na kila upande katika mjadala huu, na ni nadra sana kumkuta akizungumza mwenyewe.

Hilo linanileta kwa wasiokuwamo kwenye orodha yako ya 23. Sikuona mwenye kioski. Sheria ilikataza kuuza sigara mojamoja, na sigara mojamoja ndiyo biashara ya kioski. Mwenye kioski hakuwa na chama kilichofika Bungeni, hakupinga, hakuunga mkono. Kwenye uchambuzi wa kawaida angepewa nguvu sifuri na kufutwa. Lakini tembea leo mtaa wowote wa Nairobi au Kisumu uone kama sigara mojamoja imeacha kuuzwa. Nguvu yake haikuwa mlango wa kutunga sheria, ilikuwa mlango wa kuitekeleza. Kama tasnifu yako inaishia siku ya saini, mtaje kwa aya moja na useme kwa nini unamwacha. Ukimfuta kimya, mtahini atakuuliza.

Kuhusu mahojiano, jihadhari na jambo moja ambalo limewaangusha wengi. Sheria iliyopita ina wazazi wengi. Ukimuuliza mtu leo alikuwa upande gani mwaka 2004, atakupa upande wa 2007. Usianze na msimamo wake. Anza na karatasi: mwonyeshe ukurasa wa Hansadi, habari ya gazeti au tangazo la Gazeti Rasmi lenye tarehe, kisha muulize, "Siku hii ulikuwa unafanya nini, na nani alikupigia simu?" Mtu akishikishwa tarehe, kumbukumbu yake hupata nidhamu. Msimamo uandike mara tatu, kwa kila kituo, na ushahidi wa kila mara uwe tofauti. Penye pengo acha pengo. Msimamo uliokisiwa utaharibu misimamo iliyothibitishwa.

Jihadhari pia kuhukumu 2004 kwa kanuni za baadaye. Mkataba, katika kifungu cha 5.3, unazitaka nchi zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku, lakini mwongozo wa jinsi ya kufanya hivyo ulipitishwa Durban Novemba 2008, baada ya sheria ya Kenya. Masharti ya namna hiyo yaliingia Kenya kupitia kanuni za 2014. Kwa hiyo unapoandika kuhusu safari ya wabunge ya Pwani, sema ilivyokuwa: lilikuwa jambo la kukosolewa magazetini, bila mwongozo wa kuwabana waalikwa.

Kama una kurasa za ziada, kituo cha nne ni kanuni hizo za 2014, kwa sababu mlango wa mahakama ulifunguliwa tena na safari hii wadau walikuwa wamepangwa vingine. BAT ilizipinga zote, ukiwamo mchango wa asilimia 2 ambao watengenezaji na waagizaji wangelipa kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Mahakama Kuu iliamua Machi 2016, Mahakama ya Rufani Februari 2017, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa ya kampuni Novemba 2019. Mwaka 2006 kanuni zilikuwa zimeegemea sheria ya zamani ya afya ya umma. Safari hii zilikuwa na sheria mama ya 2007 chini yake. Na muungano wa mashirika ya kiraia wa kudhibiti tumbaku ulikuwa ndani ya kesi kama mhusika mwenye maslahi. Mdau aliyesimama nje ya uzio mwaka 2006 akawa na kiti mbele ya majaji.

Ukilirudia jedwali, basi, litakuwa na mistari mingi zaidi ya 23 upande wa serikali na kampuni, na pengine michache upande wa mashirika yaliyokuwa majina tu. Safu ziwe vituo vitatu. Ndani ya kila kisanduku andika kitenzi, mlango na chanzo cha ushahidi. Visanduku vingi vitabaki wazi mwanzoni. Ushahidi wa kituo cha pili ndio mgumu kupata, kwa hiyo omba jalada la kesi ya 2006 kwenye masjala ya Mahakama Kuu mapema, kabla hujapanga hata mahojiano moja.